Mwenye faili yuko kwenye basi: makabidhiano yaliyonirudi Moshi

Simu ya kwanza iliingia siku moja ya Julai, kama saa nne asubuhi, nikiwa kwenye basi kati ya Babati na Kondoa, mtandao unakuja na kukatika. Nilipofika Dodoma jioni na kupata pa kuchaji, nilikuta simu saba ambazo sikuzipokea, zote za dada wa ofisi moja ya kupandisha wageni Kilimanjaro, pale Moshi, niliyoitengenezea faili la kotesheni, na ujumbe mmoja: “Kaka, ada za hifadhi zimebadilika. Kwingine nimebadilisha ila Lemosho inanikatalia. Ukipata nafasi nipigie.” Nikampigia, hakupokea. Kesho yake nilikuwa na kikao cha kazi nyingine. Keshokutwa nikasahau, na yeye, kwa jinsi alivyonieleza baadaye, naye alikuwa amesahau.

Wiki tatu zikapita. Mhasibu wa kampuni akaomba kontroli namba ya kulipia ada za kundi la wageni sita wanaopanda kwa njia ya Lemosho. Deni lililotoka lilikuwa dola 7,150.80. Kwenye kotesheni waliyotumiwa wageni, kipengele hichohicho kilikuwa dola 6,584.40. Wageni walishalipa, walishafika, na wapagazi walikuwa wanapakia mizigo kwenye gari. Tofauti ya dola 566.40 ilitoka mfukoni mwa mama mwenye kampuni.

Hakunifokea, ningependa hata angefoka. Aliniita tu ofisini, akaniagizia soda, akaniuliza: “Mwanangu, hivi hili faili ni langu au ni lako?”

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kazi yenyewe haikuwa mbovu. Fomula zilikuwa sahihi na nilimaliza kwa wakati. Kilichoharibika ni siku ya mwisho, ile tunayoipita haraka kwa sababu pesa imeshaingia. Jambo moja tu niliweke wazi kabla ya kuendelea: namba za ada nimezibadilisha, maana ni biashara ya watu. Asitokee mtu akazitumia kumpangia mgeni bei.

Kazi ilikuwa hivi. Kampuni ni ndogo, watu watatu ofisini na waongozaji wa mlima wanaoitwa kundi likipatikana. Walikuwa wanatengeneza kotesheni kwa mkono kwenye Word, kila mgeni upya, na mara nyingi wanakosea kujumlisha. Niliwatengenezea faili la Google Sheets lenye shiti moja kwa kila njia: Machame, Lemosho, Marangu na Rongai. Unaingiza idadi ya wageni, bei inajitokeza, unapakua PDF yenye nembo yao. Nikawatengenezea na nembo na karatasi ya barua. Wiki tatu za kazi.

Makabidhiano yangu yalichukua dakika ishirini. Nilituma linki kwenye WhatsApp, nikampa dada ruhusa ya kuhariri, nikamwonyesha mara moja nikiwa nimeshika mausi mimi, nikamwambia “ukikwama nipigie.” Folda niliyowaachia ilionekana hivi, na naibandika hapa kwa aibu:

```
Copy of Kotesheni FINAL tumia hii
Kotesheni FINAL
Kotesheni FINAL tumia hii
Kotesheni mpya
Kotesheni mpya (1)
Untitled spreadsheet
logo
logo2 nyeupe
```

Lililokuwa likitumika ni lile la kwanza kabisa, lenye jina la “Copy of”. Nilikuwa nalijua mimi, na dada alilijua kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye linki. Mhasibu alikuwa anafungua “Kotesheni FINAL”, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba silo.

Sasa turudi kwenye siku ile ya Julai. Julai haikutokea kwa bahati mbaya. Viwango vya ada za hifadhi za taifa hufuata mwaka wa fedha wa Serikali, unaoanza tarehe 1 Julai, na Julai hiyohiyo ni msimu wa kiangazi ambapo mlima umejaa wageni. Kwa hiyo kama kuna siku moja ambayo faili la namna hii litahitaji kuguswa na mtu asiyelitengeneza, ni hiyo, na ofisi itakuwa na shughuli kupita siku zote. Nilijua hilo nilipokuwa naitengeneza kazi. Sikulifikiria nilipokuwa naikabidhi.

Dada alifungua shiti ya Machame akitafuta mahali palipoandikwa ada. Hapakuwepo. Ada ilikuwa imezikwa ndani ya fomula. Kwa Lemosho, kwa mfano, nilikuwa nimeandika hivi:

```
=B4*((8*70)+(7*50)+20)*1.18
```

B4 ni idadi ya wageni. Siku nane mara 70 ya hifadhi, usiku saba mara 50 ya kambi, 20 ya uokoaji, kisha asilimia 18 ya VAT juu yake. Ukiipiga kwa wageni sita unapata 6,584.40, na hesabu haina kasoro. Kasoro ni kwamba ile 70 ilikuwa imeandikwa kwa mkono ndani ya fomula za kila njia, pamoja na zile za vifurushi vya siku pungufu na siku za ziada. Nilipokuja kuhesabu baadaye nilikuta mahali kumi na tisa. Kwangu ilikuwa njia ya mkato, maana ninaisoma fomula na ninajua 70 ni nini. Kwa mtu mwingine, 70 ni namba tu.

Dada si mtu wa kushindwa kirahisi. Alimpigia mdogo wake anayesoma chuo, akaelekezwa kutumia *Find and replace* na kuweka alama kwenye *Also search within formulas*: tafuta 70, weka 80. Shiti ya Machame ikakubali. Ilikubali kupita kiasi. Kwenye shiti hiyo kulikuwa na gharama ya gari la kundi hadi geti la Machame, nayo ilikuwa 170. Kompyuta ikaiona 70 ndani ya 170 na kuigeuza 180. Kwa wiki zote zile kila kundi la Machame lilitozwa dola kumi za ziada na hakuna aliyegundua, kwa sababu kosa linalokuongezea pesa halipigi kelele. Tuliligundua mimi na mhasibu tukiwa tunatafuta kosa lingine.

Alipofika Lemosho, ikamkatalia. Maneno yaliyotokea yalikuwa haya: *You are trying to edit a protected cell or object. Please contact the spreadsheet owner to remove protection if you need to edit.* Mwenye faili alikuwa mimi, kwa barua pepe yangu binafsi, na mwenye faili alikuwa kwenye basi. Shiti ile niliifunga wakati wa majaribio kwa sababu kuna mtu aliifuta fomula moja kwa bahati mbaya. Nikasahau kuifungua. Shiti nyingine tatu zilikuwa wazi, hii moja imefungwa, na hakukuwa na popote palipoandikwa kwa nini.

Ukipanga makosa kwa uzito wake, la fomula halikuwa zito kuliko yote. Zito zaidi lilikuwa la umiliki. Fomula mbaya, mtu yeyote anayejua Google Sheets angeirekebisha kwa nusu saa. Lakini faili likiwa kwenye akaunti yangu, hata mtaalamu gani angekaa kwenye kiti cha dada asingeweza kuifungua ile shiti. Na mimi ningegongwa na bodaboda, au ningefunga akaunti ile, kampuni ingebaki na PDF za zamani tu. Swali la mama kuhusu faili ni la nani lilikuwa swali la kiufundi kuliko alivyodhani.

Kwa hiyo marekebisho niliyaanzia hapo, na nilifanya bila malipo, siku moja na nusu.

Tulifungua akaunti ya Google ya ofisi. Namba ya simu inayopokea meseji za uthibitisho tuliweka laini ya ofisi, si ya dada wala ya mama, kwa sababu mfanyakazi akiondoka laini yake huondoka naye. Google hutoa pia seti ya kodi kumi za akiba za kuingilia pale simu inapokuwa haipo. Tulizichapisha, mama akazitia kwenye droo anayofungia pasipoti za wageni. Paswedi hatukuiandika kwenye maelezo yoyote. Maelezo yanasema tu nani anayo na karatasi ya kodi iko wapi.

Halafu nikahamisha umiliki. Hapa kuna mitego miwili inayowanasa wengi. Wa kwanza ni kwamba ukihamisha umiliki wa folda, mafaili yaliyomo hayahami nayo. Yanabaki ya kwako, yameketi ndani ya folda ya mtu mwingine. Inabidi uyahamishe yenyewe, na kwa akaunti za kawaida za Gmail mpokeaji lazima aingie na kukubali, la sivyo bado ni yako. Nilikaa na dada tukakubali moja baada ya lingine, kisha tukaangalia safu ya *Owner* kwenye orodha hadi jina langu likaisha.

Mtego wa pili sikuutarajia. Shiti moja ilikuwa inavuta kiwango cha kubadilishia dola kutoka kwenye faili langu jingine kabisa, la hesabu zangu mwenyewe, kwa `IMPORTRANGE`. Ukihamisha umiliki, ule uzi haukatiki. Kila kitu kinaendelea kuonekana kizima mpaka siku utakayofanya usafi kwenye Drive yako na kulifuta lile faili, ndipo ofisi ya Moshi inapoamkia `#REF!`. Kuugundua ni rahisi ukijua cha kutafuta: tafuta neno hilo ndani ya fomula za shiti zote. Nililikuta mara moja, nikaweka seli ya kawaida ambayo wanaijaza wenyewe asubuhi.

Baada ya hapo ndipo nikagusa fomula. Nilitengeneza shiti mpya inayoitwa Ada, yenye mistari minne tu: ada ya hifadhi, ada ya kambi, ada ya uokoaji na VAT. Kila seli nikaipa jina kwa *Named ranges*. Marangu, ambako wageni hulala kwenye vibanda badala ya mahema, ikaongezewa mstari wake wa tano. Fomula ya njia za kambi ikawa:

```
=B4*(B5*ada_hifadhi+B6*ada_kambi+ada_uokoaji)*(1+kodi_vat)
```

B5 ni siku, B6 ni usiku. Hata mtu asiyejua fomula anaweza kuisoma hii kwa sauti na akaelewa inachofanya. Ada ya hifadhi ikibadilika, unagusa seli moja, na mahali pote kumi na tisa panafuata. Seli zenye fomula nilizifunga zote kwa usawa, na mwenye uwezo wa kuzifungua sasa ni akaunti ya ofisi.

Folda haikuhitaji falsafa kubwa:

```
00_SOMA_KWANZA
01_Kotesheni
02_Nembo_na_barua
03_Zilizotumwa
99_Zamani_usitumie
```

Namba za mbele zipo ili mpangilio usibadilike, kwa sababu Drive hupanga kwa herufi. Ndani ya `01_Kotesheni` kuna faili moja. Moja tu. Neno “final” nimelipiga marufuku kwenye kazi zangu zote, maana linaeleza hisia za mtengenezaji siku ile, halimwambii mtumiaji chochote. Zilizotumwa zinaanza na tarehe, mwaka mbele, kama `2024-08-19_Lemosho_wageni-6`, kwa sababu ukianza na siku, tarehe 3 Septemba itakaa juu ya tarehe 19 Agosti. Yale mafaili matano ya zamani sikuyafuta. Mteja ana haki ya kuyahitaji. Lakini nilipokwenda kumwonyesha mhasibu kwamba lile alilokuwa analifungua limehamia kwenye folda ya 99, alinitazama kwa muda kisha akasema, “Kwa hiyo mimi nilikuwa natumia marehemu.”

Nembo nayo ilikuwa na lake. Nilikuwa nimewaachia PNG mbili. Mchapaji wa fulana alipoomba nembo isiyopasuka ikikuzwa, hawakuwa nayo. Sasa kuna SVG na PDF, kuna PNG yenye mandhari wazi kwa ajili ya mtandaoni, na kuna toleo ambalo maandishi yake bado yanaharirika pamoja na faili la fonti lenyewe. Fonti nilichagua ya leseni huria kutoka Google Fonts makusudi. Ningetumia ya kulipia kwa jina langu, nisingekuwa na haki ya kuwakabidhi.

Sasa maelezo yenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tano na ilianza na “Mfumo huu una shiti sita...” Niliitupa. Ilikuwa inaeleza nilichojenga, na hakuna mtu ofisini pale atakayeamka asubuhi akitaka kujua nilichojenga. Anaamka na shida: ada zimepanda, mgeni anataka kotesheni, faili limeharibika. Nikaandika upya kwa shida hizo tatu, ukurasa mmoja na robo. Kipande cha ada, baada ya masahihisho yote, kinasomeka hivi:

> Ada za hifadhi zikibadilika
> Hufanyika zaidi kuanzia tarehe 1 Julai. Anayeamua: mama. Anayebadilisha: aliye mezani.
> 1. Fungua `01_Kotesheni`, bonyeza shiti ya Ada (majina ya shiti yako chini kabisa ya skrini).
> 2. Andika namba mpya kwenye seli ya njano. Namba peke yake, bila neno “dola”.
> 3. Hakikisha. Fungua Machame, weka mgeni 1, siku 7, usiku 6. Chukua kikokotoo: (7 × hifadhi + 6 × kambi + uokoaji) × 1.18. Kwa ada za 80, 50 na 20 jibu ni 1,038.40. Kikokotoo na faili vikitofautiana hata senti moja, usitume kotesheni kwa mtu.
> 4. Andika tarehe, ulichobadilisha na jina lako kwenye shiti ya Kumbukumbu.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayokosekana kwenye maelezo mengi ya makabidhiano niliyowahi kuyaona, yangu yakiwemo. Tunamwambia mtu afanye nini, hatumwambii atajuaje kwamba imefanikiwa. Siku ile ya Julai dada alibadilisha Machame na akaamini imekaa sawa, kwa sababu namba ilikuwa imebadilika. Angekuwa na kikokotoo na mstari mmoja wa kumwelekeza, lile gari la 180 lisingemdanganya kwa muda mrefu kiasi kile: jumla ndogo ya ada ingekubali, jumla kuu ingekataa, na hapo angeanza kutafuta.

Kisha ukaja mtihani, na ndio uliofundisha kuliko muda wote wa kuandika. Nilimweka dada mbele ya kompyuta na maelezo yaliyochapishwa. Mimi nilikaa nyuma yake, nimejiapiza kutosema neno wala kunyoosha kidole. Kazi tatu: badilisha ada, toa kotesheni ya wageni wanne wa Machame kwa PDF, na lirudishe faili baada ya mimi kuliharibu kusudi.

Alikwama sekunde ya kumi. Rasimu ya siku ile ilikuwa imeandika “fungua karatasi ya Ada”, kwa sababu nilitaka Kiswahili kizuri. Dada akainuka, akaenda kwenye kabati la mafaili, akaanza kupekua. Nilitafuna ulimi. Alipogeuka na kuuliza “kaka, ni ile iliyotoka hifadhini au nyingine?” ndipo nikaelewa. Ofisini pale karatasi ni karatasi, na kile cha kwenye kompyuta kinaitwa shiti. Nikabadilisha. Palepale nikabadilisha na “hamisha kuwa PDF”, maana wao wanasema kudaunilodi na kitufe kimeandikwa *Download*.

Akakwama tena kwenye seli ya njano. Aliandika `80 USD`, kama ambavyo mtu yeyote mwangalifu angeandika, na kotesheni zote zikajaa `#VALUE!`. Sheets ilikuwa imelichukua kama neno, na neno halizidishwi. Sikuongeza maelezo tu, kwa sababu maelezo yanasomwa mara moja na mkono una mazoea yake. Nikaweka *Data validation* inayokataa kitu chochote ambacho si namba, yenye ujumbe wa Kiswahili: “Andika namba tupu, mfano 80.”

Mara ya tatu hakukwama yeye, nilikwama mimi. Aliweka kalamu chini akauliza: mgeni aliyelipa Machi ili apande Agosti, anatozwa ada ya lini? Mlimani anatozwa ya siku anayopanda. Lakini je, kampuni imdai tofauti, au iimeze? Faili halina jibu la hilo, na fomula yoyote ningeiandika ingekuwa imemwamulia mama biashara yake. Tukamwita. Alifikiri kidogo, akaamua kwamba kotesheni yoyote ya kupanda baada ya tarehe 1 Julai itolewayo kabla ya viwango vipya itakuwa na sentensi kwamba ada za hifadhi zinaweza kubadilika na mgeni atalipa tofauti. Sentensi ikaingia kwenye PDF, uamuzi ukaingia kwenye maelezo pamoja na jina la aliyeuamua. Ile hasara ya 566.40, ukiniuliza, nusu yake ilikuwa ya fomula yangu na nusu yake ilikuwa ya sentensi hii kutokuwepo.

Kazi ya kulirudisha faili aliiweza vizuri: *File*, *Version history*, *See version history*, chagua ya jana, rudisha. Alichoogopa ni kupoteza. Aliuliza mara mbili kama kurudi nyuma kunafuta yaliyofuata. Hakufuti, matoleo yote yanabaki kwenye orodha, na nililiandika hilo kwa herufi nzito kwa sababu mwenye hofu habonyezi.

Baadaye tukarudia na mhasibu, ambaye hakuwa ameligusa faili jipya kabisa. Alimaliza zote tatu kwa dakika ishirini na tano na kuniuliza kitu kimoja tu, paswedi ya Wi-Fi.

Kuna mambo ambayo maelezo haya hayafanyi, na niliyataja humohumo. Wakitaka njia mpya yenye mpangilio uleule, wanadurufu shiti ya Lemosho na kubadili siku na usiku. Lakini ikitokea ada ya aina mpya, isiyokuwepo kwenye mistari ile, fomula zenyewe lazima ziguswe. Hapo nimeandika: tafuta mtu anayejua Google Sheets, mwonyeshe shiti ya Ada na *Named ranges*, mwambie aongeze mstari na jina. Sikuandika “nipigie”. Namba yangu ipo mwishoni, ila si hatua ya kwanza ya jambo lolote.

Wenzangu kadhaa hapa Moshi na Arusha wamenicheka kwa hilo. Hoja yao naijua: ukimwachia mteja kila kitu, umejikata mkate. Mimi sioni hivyo, na si kwa sababu ya utu wema. Zile simu za Julai hazikuwa na malipo hata moja. Zilikuwa kazi ya bure inayokuja saa mbaya, na juu yake lawama. Sasa makabidhiano nayaweka kwenye bei kama mstari wake, kwa kazi ya ukubwa ule ni siku mbili, na malipo ya mwisho yanadaiwa baada ya mtu wa ofisini kupita mtihani mimi nikiwa kimya. Mteja mmoja alikataa kulipia siku hizo mbili. Nilimpunguzia kazi nyingine, hizo sikuzitoa.

Mwezi mmoja baada ya kila kitu kutulia nilimwomba mama aniondoe mwenyewe kwenye orodha ya wahariri. Alisita, akasema kama ananifukuza nyumbani. Nikamwonyesha kitufe, akabonyeza.

Julai iliyofuata simu haikupigwa. Mwezi wa nane nilipita ofisini kuchukua mzigo uliotumwa kwa jina langu, nikaona yale maelezo yamebandikwa ukutani kando ya printa, yameshaloa chai pembeni. Kwenye kipande cha ada, chini ya hatua ya tatu, kulikuwa na mstari ulioongezwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa dada: “Rudia na Lemosho pia, siku 8 usiku 7. Usiamini moja.”